Doog ipo, baad hakuna: kuandika mvua na malisho ya Wasomali katika ripoti ya Kiswahili

Mwaka wangu wa pili wa kutafsiri ripoti za wafugaji kutoka Garissa na Wajir, ililetwa karatasi yenye sentensi moja ya Kisomali juu ya mvua: «Roob baa da'ay.» Nikaandika: «Mvua imenyesha.» Ni tafsiri ambayo hata leo huwezi kuikosoa. Aliyeipokea ofisini akaona kijiji kimepata mvua, akakitoa kwenye orodha ya malori ya maji. Baada ya siku tisa tukapigiwa simu: watu wanauliza lori liko wapi.

Pembeni mwa ile karatasi, kwa kalamu ya rangi nyingine, mdadisi alikuwa ameongeza neno moja: shuux. Nililiona. Nikadhani ni mapambo tu, nikaliacha.

Shuux ni manyunyu. Inaweza kunyunya asubuhi nzima, mbuzi wakalowa manyoya, vumbi likatulia, na jioni ukichimba kwa kidole ukakuta udongo mkavu. Haijazi bwawa wala haioteshi nyasi. Mdadisi alikuwa ameandika ripoti kamili kwa neno moja, nami nikalitupa neno hilo na kubakisha lililobaki.

Huu ni utaratibu ninaoufuata tangu siku hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya wadadisi, watangazaji na makatibu wa kamati wanaosikia habari kwa Kisomali kaskazini mashariki mwa Kenya kisha wakatakiwa kuziandika kwa Kiswahili. Usitarajie kamusi ya neno kwa neno. Shida yetu si uhaba wa maneno ya Kiswahili. Shida ni kwamba neno moja la mfugaji wa Kisomali mara nyingi hubeba wakati, kiasi na matokeo kwa pamoja, na neno letu la karibu hubeba kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Viwili vilivyobaki ni lazima uvisemee wewe kwa sentensi.

Hatua ya kwanza: liandike neno la Kisomali kabla ya kulitafsiri

Kwenye daftari, neno la mzee liende kama alivyolitamka, kwa tahajia ya Kisomali. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na herufi zake chache zinatupotosha sisi tuliozoea Kiswahili. X husomwa kama ha nzito ya Kiarabu, ile ya jina Muhammad mdomoni mwa anayejua kusoma Kurani. C ni ain. Kwa hiyo xagaa, jina la msimu, husikika kama «hagaa», na ukiliandika kwa sikio lako utapata haga, hagai, hagaya, kila ripoti na yake.

Hili la xagaa si suala la urembo wa tahajia. Ukivuka kwenda Moyale, Isiolo au sehemu za Wajir wanakoishi Waborana, utamsikia mtu akisema hagaya, naye anamaanisha mvua za Oktoba na Novemba. Xagaa ya Msomali ni miezi ya katikati ya mwaka, Julai hadi Septemba, ambayo bara huwa mikavu. Maneno mawili yanayofanana sikioni, moja la mvua na jingine la ukavu, na wasemaji wake wanateka maji kisima kimoja. Ukiandika «haga» bila kusema ni ya lugha gani, msomaji wa Nairobi hana njia ya kujua kama wanyama walinona au walikonda.

Neno jingine la kuangalia ni war. Ni «habari», na pia ni bwawa la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua, na yote mawili huandikwa hivyo hivyo. Ukipokea ujumbe mfupi wa simu unaosema hakuna war, piga simu uulize kabla hujaandika kwamba maji yamekwisha. Huenda aliyetuma hakuwa na la kueleza tu.

Hatua ya pili: kila msimu upe miezi yake

Mwaka wa mfugaji una misimu minne. Gu' ndiyo mvua kuu, kuanzia Aprili hadi Juni hivi. Inafuata xagaa. Kisha dayr, ambayo wengine huandika deyr, mvua za Oktoba na Novemba. Mwisho ni jilaal, Desemba hadi Machi, miezi mikali kuliko yote.

Gu' iite masika na dayr iite vuli, hutakosea sana, mradi uweke miezi kwenye mabano mara ya kwanza unapoitaja. Lakini jihadhari na ule mtindo wa kuziita «mvua ndefu» na «mvua fupi». Msomaji akiona «fupi» hudhani ni ndogo, kisha vuli ikikosekana hashtuki. Katika sehemu nyingi za Garissa mvua za Oktoba hadi Desemba hulingana na masika au huzidi, na vuli isiponyesha wafugaji wanaingia jilaal bila chochote nyuma yao.

Xagaa haina jina moja la Kiswahili. Bara, mbali na bahari, naiandika «kipupwe kikavu», kwa sababu ni wakati wa ubaridi na upepo bila mvua. Ukishuka Ijara kuelekea pwani, au ukivuka kwenda Juba ya Chini, xagaa hiyo hiyo huleta mvua ndogondogo kutoka baharini, na hapo watu wa Lamu wana neno tayari: mchoo, zile rasharasha za baada ya masika. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri xagaa uliza uko wapi.

Jilaal ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu wengi huitafsiri «kiangazi» na kuona kazi imekwisha. Kiangazi cha msomaji wa Dodoma au Shinyanga ni Juni hadi Oktoba. Cha Msomali wa Garissa kinaanza Desemba. Mtu wa pwani angesema kaskazi, na angekuwa karibu zaidi, maana upepo ni ule ule. Ila kaskazi kwa mtu wa Mombasa ni joto na jahazi, haina harufu ya mifupa. Mimi huiacha jilaal kama ilivyo, naifafanua mara moja: «jilaal, yaani kiangazi cha Desemba hadi Machi».

Ukiripoti kutoka kaskazini magharibi, upande wa Hargeysa na Boorama, utakutana na karan, mvua za Julai hadi Septemba, na xays, mvua za pwani za wakati sisi huku tuko jilaal. Usizitafutie Kiswahili. Andika neno na miezi, endelea.

Kuna mtego mmoja zaidi kwenye msimu wa gu'. Wasomali huhesabu umri kwa gu'. Mtoto wa gu' saba ni mtoto wa miaka saba. Sasa mzee akisema ngamia huyu alizaliwa gu' tatu zilizopita, au kwamba tangu gu' tatu hajaona malisho kama haya, anasema miaka mitatu. Nimewahi kusoma ripoti iliyoandika «misimu mitatu ya mvua». Kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka, hivyo misimu mitatu ni mwaka mmoja na nusu. Nusu ya habari ilipotea, na kwa bahati mbaya ilikuwa ripoti juu ya ukame, ambapo nusu hiyo ndiyo hoja yenyewe.

Hatua ya tatu: usichanganye jilaal na abaar

Hii ni fupi. Jilaal huja kila mwaka, na mfugaji ameijengea mpango: ngamia wanapelekwa mbali, mbuzi wa maziwa wanabaki nyumbani, visima vinasafishwa. Abaar ni pale mvua iliyotarajiwa isipokuja na mpango ukavunjika. Abaar kubwa hupewa majina na hukumbukwa kwa majina hayo. Ile ya 1974 na 1975 inaitwa Dabadheer, yenye mkia mrefu.

Kiswahili kina kiangazi na ukame, jozi inayofaa kabisa kwa jilaal na abaar, lakini mazungumzo ya siku hizi Kenya yamefanya «ukame» liwe neno la yote mawili. Matokeo yake, kila Februari zinatoka ripoti za «ukame», hata mwaka ambao watu wako sawa, na ukame wenyewe ukija hakuna anayeinua kichwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua iliharibika mfululizo. Huo ulikuwa abaar. Februari ya kawaida si abaar, hata kama ng'ombe mbavu zinahesabika. Muulize mzee moja kwa moja: hii ni jilaal au abaar? Atakujibu bila kufikiri, na jibu lake ndilo la kuandika.

Hatua ya nne: mvua iandike kwa kazi iliyofanya

Roob ni mvua, yoyote. Ndiyo maana «roob baa da'ay» haitoshi. Ni kama kumwambia daktari kwamba mgonjwa amekula. Uliza maswali manne, nayo ni rahisi hata kwa asiyejua Kisomali vizuri. Goorma, lini. Xaggee, wapi. Imisa jeer, mara ngapi. Na la mwisho, maxaa soo baxay, kimeota nini.

Kwa ukubwa wa mvua, shuux iandike «manyunyu» na uongeze papo hapo kwamba hayakujaza maji wala kuotesha nyasi, kama ndivyo. Usiandike «mvua nyepesi», kwa sababu anayefupisha ripoti hufuta kivumishi kwanza na kubakisha «mvua». Neno manyunyu halifupishiki hivyo. Rasharasha nalo liko karibu, ila mimi nalitumia kwa mvua ya kuja na kukatika, na manyunyu kwa ile inayoendelea.

Mahiigaan ni mvua kubwa ya kumiminika. Hapa Kiswahili kinatuponza upande wa pili, maana tuna gharika na mafuriko, na mwandishi mwenye kutaka kusomwa hulikimbilia neno gharika. Mahiigaan ni maji yanayotoka juu. Yakishaanguka na kuanza kutembea yanakuwa daad, na hapo ndipo «mafuriko» linapofaa. Mahiigaan bila daad inaweza kuwa neema tupu. Daad bila mahiigaan hutokea pia, pale mvua inaponyesha mbali juu na laga kavu ikateremka na maji mchana wa jua kali na kuchukua mbuzi waliolala kwenye mchanga. Andika ni ipi.

Kisha kuna xareed, maji ya mvua mapya, matamu, yaliyotuama na bado ni safi. Hatuna neno lake. «Maji ya mvua» yanatosha, ila sema ni mapya na watu wanayanywa, kwa sababu mahali penye xareed akina mama hawaendi kisimani, na hiyo pekee hubadilisha siku nzima ya kijiji.

Pale inapowezekana, tia kipimo. Huhitaji chombo cha idara ya hali ya hewa. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na mti na paa, lizungushie mawe lisianguke. Asubuhi na mapema, kabla jua halijanyonya, tumbukiza rula. Maji yakifika milimita 4, zimenyesha milimita 4. Ukubwa wa kopo hauna maana. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Kaunti hizi hupata milimita 300 hivi kwa mwaka mzima, na jua la huku hunyonya milimita kadhaa kwa siku moja, kwa hiyo milimita 4 zikifuatwa na jua huwa zimekwisha kesho yake.

Kama hakuna kopo, fanya wanavyofanya wenyewe: chimba. Kwenye mchanga, milimita 10 hulowesha kina cha sentimita 10 hivi. Kwenye udongo mzito mweusi maji hayashuki hata nusu ya hapo. Ripoti inayosema «udongo umelowa hadi kifundo cha mkono» inaeleweka na afisa wa mifugo na inaeleweka na mfugaji, na hakuna anayeweza kuifupisha ikawa «mvua imenyesha».

Jambo moja ambalo huandikwa kwa aibu, kana kwamba ni kosa la mdadisi: mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu huua. Mbuzi na kondoo waliokonda, wasio na mafuta mwilini, wakilowa usiku kucha na upepo ukipiga, asubuhi unakuta wamekauka. Ofisini watakurudishia ripoti wakiuliza kwa nini vifo vimeongezeka wakati mvua imekuja. Andika sababu kwenye sentensi ile ile ya vifo, usisubiri kuulizwa.

Hatua ya tano: kila «malisho» iulize ni ya nani

Malisho ni neno zuri la Kiswahili na ni neno pana mno. Ng'ombe na kondoo hula nyasi. Ngamia hula majani ya miti na vichaka, na mbuzi naye yuko upande huo zaidi. Baada ya mvua miti huchipua mapema, nyasi huchukua muda mrefu zaidi kufika mahali pa kumshibisha ng'ombe. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambapo mwenye ngamia anakwambia malisho ni mazuri na mwenye ng'ombe, jirani yake, anakwambia hakuna kitu. Wote wanasema kweli. Ripoti iliyoandika «malisho ni ya wastani» imewafanya wote wawili waongo.

Maneno ya kujua hapa si mengi. Caws ni nyasi, mbichi au kavu. Daaq ni malisho kwa maana ya kile kinacholishwa, na daaqsin ni ardhi yenyewe, machungani. Doog ni ule ukijani wa kwanza unaotoka baada ya mvua. Baad ni chakula cha mifugo kilichopo na kinachotosha, kiwe nyasi au majani. Daran ni mimea ya chumvi, ambayo ngamia lazima aifuate kila baada ya muda. Mfugaji akihamia mahali ambapo wewe unaona ni jangwa tupu, uliza kama kuna daran kabla hujaandika kwamba «wamekimbia ukame».

Doog na baad ndiyo jozi ya kushika. Doog huonekana kwa mbali, hata picha za setelaiti huiona, na ndiyo inayopigwa picha za magazeti. Lakini mwanzoni imejaa maji, haina unyuzi. Mnyama mwenye njaa akiifakamia huharisha, na badala ya kunenepa anadhoofika kwa siku kadhaa. Tena si kila kijani ni doog. Kando ya Mto Tana na kuzunguka makazi, miti ya mathenge huwa kijani mwaka mzima hata nchi ikiwa imekauka, na nyasi chini yake huwa hakuna. Kwa doog naandika «nyasi changa» na nataja urefu kwa vidole. Kwa baad naandika «malisho ya kutosha» na nataja mnyama.

Ukikutana na seere, malisho yaliyofungiwa ili yatumike siku za shida, Watanzania wana neno lake tayari. Wasukuma huita ngitili, na neno hilo limeingia kwenye Kiswahili cha maafisa mifugo wa Shinyanga. Kwa msomaji wa Kenya halitaeleweka, kwa hiyo andika «malisho ya akiba».

Hatua ya sita: sahan na barwaaqo si habari za mvua peke yake

Familia haihami kwa kusikia tu kwamba mahali fulani kumenyesha. Wanatuma vijana waende wakaone: mvua ilifika wapi, nyasi ni za aina gani, kuna kupe, kuna maji, nani yuko huko tayari, na kama ni amani. Kazi hiyo ni sahan. Kamusi inaweza kukuelekeza kwenye «upelelezi», na tafadhali usikubali. Kwenye kaunti zenye vituo vya jeshi na vizuizi barabarani, ripoti inayosema vijana watatu walitumwa kufanya upelelezi mpakani inaweza kuwaletea balaa vijana hao. Andika «walitumwa kukagua malisho».

Barwaaqo ni mvua iliyonyesha, nyasi zilizokomaa, maziwa mengi na watu waliotulia, yote kwa pamoja. Wasomali wana msemo, nabad iyo caano, amani na maziwa, na kinyume chake ni col iyo abaar, vita na ukame. Neno letu ni neema, nalo linatosha kabisa. Ila usiliandike kwa sababu umeona kijani. Kipimo cha barwaaqo ni maziwa, na maziwa yako mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaokama, wanaogawa na wanaouza. Mwanamume atakwambia mifugo wanaendelea vizuri. Eeddo, yaani shangazi, aliyeketi kando atakwambia jana alijaza kibuyu nusu.

Hatua ya saba: andika, kisha msomee aliyekwambia

Nichukue mfano mmoja, kijiji kati ya Garissa na Dadaab, mwishoni mwa Novemba. Nimebadilisha mambo madogo ili kisitambulike. Mzee alizungumza Kiswahili chake cha kuchanganya, na kijana wetu wa Garissa akamsaidia pale kilipokwama. Daftari langu lina maneno haya: «Tulipata mahiigaan usiku mmoja. Daad haikuwa. War imejaa. Doog iko, baad hakuna. Sisi hatujahama.»

Nikauliza yale manne. Lini? Usiku wa tarehe 9. Wapi? Upande wa magharibi wa kijiji, hadi kwenye laga. Ng'ambo ya pili hakukulowa. Mara ngapi? Mara moja, kwa muda wa saa mbili hivi, na tangu hapo wiki mbili kavu. Kimeota nini? Akainua kidole cha shahada, akaonyesha kifundo cha pili. Nikaenda kwa mke wake nikauliza maziwa. Akasema mbuzi wameongeza kidogo, wanakula majani ya miti. Kondoo wanaharisha.

Nikaandika hivi:

«Usiku wa tarehe 9 Novemba ilinyesha mvua moja kubwa (mahiigaan), kwa muda wa saa mbili, magharibi mwa kijiji hadi kwenye laga. Mashariki ya laga haikunyesha. Hapakuwa na mafuriko, na hadi tarehe 24 hakuna mvua nyingine. Bwawa la kijiji limejaa. Nyasi changa (doog) zimeota, urefu wake hauzidi vifundo viwili vya kidole, nazo hazijawa malisho ya kutosha (baad) kwa ng'ombe. Miti imechipua na mbuzi wanakula. Maziwa yao yameongezeka kidogo. Kondoo wanaharisha kwa kula nyasi changa. Familia hazijahama.»

Nikaridhika nayo. Ina tarehe, ina mipaka, kila mnyama ana sentensi yake. Kijana akaanza kumsomea mzee kwa Kisomali, taratibu, naye akawa anatikisa kichwa kukubali. Tulipofika kwenye ng'ombe akainua mkono.

«Adeer,» akamwambia kijana, kwani kwa Wasomali mzee humwita kijana kwa lile lile jina la baba mdogo analoitwa yeye, «ng'ombe gani? Umeona ng'ombe hapa?»

Tukatazama. Kulikuwa na mbuzi, kondoo, punda wawili. Ng'ombe hata mmoja hakuwapo, wala samadi mbichi. Nilikuwa nimekaa pale saa nzima bila kuliona hilo.

«Sisi hatujahama,» akasema, «kwa sababu tulishahama. Ng'ombe wako kule chini, Tana, na vijana, tangu mwezi wa nane. Hawa mnaowaona ni wazee na watoto na mbuzi wa maziwa. Nimesema baad hakuna, maana yake siwezi kuwaita warudi.»

Kwa hiyo sentensi mbili zikafutwa. Ya ng'ombe na ya mwisho. Mahali pake pakaandikwa: «Ng'ombe wa kijiji hawapo, wako kando ya Mto Tana tangu Agosti pamoja na vijana. Waliobaki ni wazee, wanawake, watoto na mbuzi wa maziwa. Kwa kuwa nyasi bado ni changa, wenyewe hawajaamua kuwarudisha.»

Tukamsomea tena. Akauliza bwawa likijaa hivyo, wa ng'ambo ya laga wasiopata mvua watakunywa wapi. Nikamwambia sijui. Akasema, «Basi andika wanakuja.»